Gari moja, usiku mzima ao nusu saa: kwa nini chaji ya gari za umeme inatofautiana sana

Kwenye matangazo ya gari za umeme zinazouzwa mitumba, namba ya kwanza ambayo macho inaenda juu yake ni ile ya dakika. «Inajaa kwa dakika 30.» Mtu wa Bukavu anasoma, anafikiria bei ya esanse, anafikiria safari za kila siku kati ya Ibanda na Kadutu, na anaona mambo ni rahisi: gari itafika, ataichomeka kwenye pirizi ya nyumbani, na kisha kikombe cha chai itakuwa tayari. Gari inafika. Anaichomeka saa moja ya magharibi. Asubuhi anaamka na kukuta haijafika hata nusu.

Anayeuza hakusema uongo. Ile gari inaweza kweli kuchaji kwa nusu saa, lakini si kupitia ile pirizi, na hata si kupitia ile njia. Gari nyingi za umeme ziko na milango miwili ya kuingizia umeme. Mlango mmoja ni wa mkondo geu, ule unaoandikwa AC. Mwingine ni wa mkondo mnyoofu, ule unaoandikwa DC. Tofauti kati ya hiyo milango ndiyo inafanya chaji ichukue usiku mzima ao nusu saa.

Watu wengi wa Bukavu wanaijua tayari hiyo tofauti, hata kama hawaiite kwa majina hayo. Nyumba iliyo na sahani za jua iko na batri chini ya meza, na pembeni ya batri kuna konvertisa. Batri inatoa mkondo mnyoofu: umeme unaoenda upande mmoja tu, kutoka nguzo moja kwenda nyingine, bila kugeuka. Televizyo na friji za kawaida zinataka mkondo geu, ule unaobadilisha upande mara nyingi kila sekunde, kama ule unaoletwa na SNEL. Konvertisa iko pale kwa kazi moja: kugeuza wa batri uwe kama wa SNEL.

Gari ya umeme iko na shida hiyo hiyo kwa upande wa pili. Batri yake, hata ikiwa kubwa namna gani, ni batri. Inapokea mkondo mnyoofu tu. SNEL inaleta mkondo geu tu. Kwa hiyo kati ya nguzo ya barabarani na batri ya gari ni lazima kuwe na kigeuzi, hakuna namna ya kukikwepa. Swali ni moja: hicho kigeuzi kiko wapi?

Ukichaji kwa AC, kigeuzi kiko ndani ya gari. Mwenye kutengeneza gari alikifunga pale kiwandani, na gari inatembea nacho kila siku. Kwa sababu kinabebwa, kinalipiwa na kinahitaji kupozwa, alikifanya kidogo. Ukichaji kwa DC, kigeuzi kiko nje, ndani ya sanduku kubwa kama kabati la nguo, limesimama juu ya saruji na mapangaboi yake ya kupooza. Hakuna anayelibeba, kwa hiyo linaweza kuwa kubwa mara kumi ao zaidi. Linageuza umeme palepale, kisha linapitisha mkondo mnyoofu moja kwa moja hadi kwenye batri, bila kupitia kile kigeuzi kidogo cha gari.

Kabla ya kuingia kwenye hesabu, kuna vipimo viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kilowati ni mwendo wa maji kwenye robine. Kilowati-saa ni ukubwa wa bidoni. Robine ya kilowati 2 ikiachwa wazi masaa matatu, bidoni inapata kilowati-saa 6. Na kilowati zenyewe zinapatikana kwa kuzidisha volti na ampea: volti 220 mara ampea 10 ni wati 2200, yaani kilowati 2,2.

Sasa chukua gari moja, Nissan Leaf ya zile za kwanza, ambayo ilianza kuuzwa mwisho wa mwaka 2010 na ambayo leo ni kati ya gari za umeme za bei ya chini kwenye soko la mitumba. Batri yake iliandikwa kilowati-saa 24, na kati ya hizo zinazotumika kweli gari ikiwa mpya ni karibu 21. Kigeuzi chake cha ndani kinapitisha kilowati 3,3. Mlango wake wa DC unaweza kufika karibu kilowati 50.

Iweke hiyo gari kwenye parsela ya Ibanda. Kablo yake imepangwa kuvuta ampea 10, kwa sababu pirizi ya nyumbani haipendi zaidi ya hapo kwa muda mrefu. Siku SNEL inaleta volti 220 kamili, gari inavuta kilowati 2,2. Sehemu fulani inapotea kama joto ndani ya kigeuzi na ndani ya batri, tuseme kumi na tano kwa mia, na batri inabaki na kilowati 1,9 hivi. Gawanya 21 kwa 1,9: ni masaa 11. Huo ni usiku wote, na ni hesabu ya siku nzuri.

Lakini saa moja ya magharibi si saa ya volti 220. Ni saa ambayo kila nyumba ya avenyu imewasha taa, wengine wanapika kwa reshoo, wengine wanapiga pasi. Volti zinashuka. Zikifika 170, gari haivuti ampea nyingi zaidi ili kufidia, maana kablo imeiambia mwisho ni 10. Inabaki na 10. Volti 170 mara ampea 10 ni kilowati 1,7, na batri inapata karibu 1,45. Masaa 11 yamekuwa 14 na nusu. Na kama umeme umekaa masaa matano tu kabla ya delestaji, batri imepata kilowati-saa 7, theluthi moja. Kwenye barabara tambarare kilowati-saa moja inaipeleka gari ya namna hiyo kilomita sita hivi. Bukavu haina tambarare nyingi. Mwenye gari atahesabu kilomita 35 ao 40, na kwa kazi za mjini zinatosha.

Wengine wanafikiri dawa ni regilateri, ile ya kupandisha volti. Inasaidia televizyo, kwa gari ni mambo mengine. Regilateri haizalishi umeme. Ili itoe volti 220 kwa ampea 10 wakati inapokea 170, inabidi ivute ampea 13 kwenye waya wa SNEL. Ampea zikiongezeka kwenye waya mwembamba, volti zinashuka tena kidogo, na wa kwanza kuona ni jirani ambaye taa yake inazidi kuwa nyekundu. Zaidi ya hapo, regilateri nyingi za dukani zimetengenezwa kwa friji, haziwezi kubeba kilowati 2 masaa kumi mfululizo. Zinanuka, kisha zinakufa.

Kuna kipimo rahisi ambacho fundi yeyote wa umeme anaweza kufanya kwa multimeta, na kinaonyesha kosa liko wapi. Anapima volti kwenye pirizi kabla gari haijaanza kuchaji. Anaandika. Kisha anaichomeka gari, anangoja dakika chache, anapima tena palepale. Kama zilikuwa 215 na zimeshuka hadi 195, basi volti 20 zinapotea njiani kwa sababu ya gari yenyewe, na volti 20 mara ampea 10 ni wati 200 zinazogeuka kuwa joto ndani ya waya na viungo, sehemu fulani ndani ya ukuta ao kwenye waya unaotoka nguzoni. Hapo kuna waya mwembamba ao kiungo kilicholegea, na ni lazima kitafutwe kabla ya usiku wa pili. Lakini kama volti zilikuwa 170 tangu mwanzo na hazikusogea sana baada ya kuchomeka gari, nyumba haina kosa: ni kartie nzima iliyolemea transfoma yake, na hakuna fundi wa parsela anayeweza kurekebisha hiyo.

Jambo la joto halitakiwi kuchukuliwa kirahisi. Kisahani cha kuchemsha maji kinavuta ampea nyingi pia, lakini kwa dakika tano. Gari inavuta ampea 10 masaa kumi, kila usiku. Pirizi ya zamani ambayo vyuma vyake vimelegea inapata moto polepole, plastiki inageuka rangi ya kahawa, kisha inaanza kunuka. Kuishika kwa mkono baada ya saa moja ya kuchaji kunatosha kujua: ikiwa vuguvugu, sawa, ikiwa mkono unaondoka wenyewe, chaji isimamishwe.

Na kuna nyumba ambazo gari itakataa kabisa. Inachomekwa, taa nyekundu inawaka kwenye kile kisanduku cha katikati ya kablo, hakuna kinachoendelea. Mara nyingi si gari wala kisanduku kilichoharibika. Visanduku vingi, kabla ya kuruhusu umeme upite, vinapima kama nyumba iko na waya wa ardhi, ule unaozamishwa chini ili mtu asipigwe umeme akigusa bodi ya gari. Nyumba nyingi za zamani haziko nao, ao ziko nao kwenye pirizi tu lakini haufiki popote. Kuna mafundi wanaojua kukidanganya kisanduku kwa kuunganisha waya huo na ule wa neutra. Chaji inaanza, ni kweli. Lakini siku neutra ikikatika barabarani, bodi nzima ya gari inaweza kushika umeme, na mtoto anayepita kwa miguu mitupu juu ya udongo wa mvua ndiye atakayeonja.

Hicho kisanduku, pamoja na kile kikubwa kinachofungwa ukutani, watu wanaviita chaja. Si chaja. Ndani yake hakuna kigeuzi chochote. Ni swichi yenye akili kidogo: inapima usalama, kisha inaiambia gari kwa ishara ndogo, «hapa una ruhusa ya ampea kumi», ao kumi na sita, ao thelathini na mbili. Gari inasikia, na inavuta kiasi hicho ao chini yake. Kiwango cha chini kabisa ni ampea 6. Chaja yenyewe, ile inayogeuza umeme, iko ndani ya gari.

Ndiyo maana mtu anaweza kutumia pesa nyingi bila faida. Ananunua kisanduku cha ukutani kilichoandikwa kilowati 22, analeta waya tatu za fazi, anakichomeka kwa ile Leaf yake. Gari inavuta kilowati 3,3. Kisanduku kimeruhusu 22, lakini kigeuzi cha ndani kinapitisha 3,3, na chenyewe kinatumia fazi moja tu. Ni kama kuleta bomba kubwa la REGIDESO hadi mlangoni na kulifunga kwenye mrija wa kunywea soda.

Kuna gari moja maarufu iliyovunja hiyo kanuni, na inasaidia kuielewa. Ni Renault Zoe. Zile za kwanza, za mwaka 2013 hivi, ziliweza kuchaji kwa AC hadi kilowati 43. Wahandisi wa Renault hawakuongeza kigeuzi kikubwa. Waliona kwamba gari iko tayari na vyombo vikubwa vya umeme, vile vinavyoendesha moteri, na wakati wa kuchaji vinalala bure. Wakavifanya vifanye kazi mbili. Ilikuwa hila nzuri, lakini wengi hawakuifuata, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kuacha kigeuzi kikubwa kibaki nje ya gari, kwenye stesheni, na kitumike na gari zote zinazopita.

Mtu wa Bukavu hahitaji kwenda Ulaya ili kuona mfano. Mwezi wa 10 mwaka 2019, Volkswagen pamoja na Siemens walizindua huko Kigali majaribio ya gari za umeme, wakianza na e-Golf nne. e-Golf iko na batri ya kilowati-saa 35,8. Kwenye pirizi ya kawaida ya nyumbani inamaliza karibu masaa 17. Kwa AC ya stesheni ao ya kisanduku cha ukutani, kigeuzi chake cha ndani kinapitisha kilowati 7,2, na inajaa kwa masaa matano na kitu. Kwa DC ya kilowati 40, inafika asilimia 80 kwa dakika 45 hivi. Gari ni ileile na batri ni ileile. Kilichobadilika ni mahali kigeuzi kiliposimama, na ukubwa wake.

Angalia tena hiyo sentensi ya mwisho ya matangazo: «asilimia 80». Karibu kila kampuni inaandika hivyo, na si bahati. Baada ya 80, chaji ya haraka haiko haraka tena.

Ni kama taksi-basi kwenye stendi. Abiria wa kwanza wanaingia mbio, viti vyote viko wazi. Wanapofika wa mwisho, ni lazima mmoja ainuke, mwingine apeleke mtoto kwenye mapaja, konveyeri anasukuma kwa bega. Ndani ya batri abiria ni chembe za lithiumu, na viti ni nafasi ndani ya tabaka za grafiti. Zikibaki nafasi chache, kila chembe inahitaji muda wa kutafuta pake. Ukiendelea kusukuma kwa nguvu ileile, zile zinazokosa nafasi zinabaki nje, zinaganda juu ya grafiti kama chuma chembamba. Chuma hicho hakirudi kazini, batri inapoteza uwezo, na kikiendelea kukua kinaweza kutoboa ukuta kati ya pande mbili za batri na kuleta moto. Ndiyo maana kompyuta ya gari yenyewe inaamuru stesheni ipunguze. Kwa DC, stesheni haina uamuzi: kila wakati inauliza gari, «sasa nikupe ampea ngapi?», na gari inajibu.

Leaf iliyotajwa juu inaweza kuanza na ampea 125 wakati batri iko karibu na sifuri. Batri yake inakaa kati ya volti 360 na 395 hivi, kwa hiyo ni kilowati 45 na zaidi kidogo. Lakini gari haikai hapo sana. Ampea zinaanza kushuka mapema, na zikifika sehemu za juu, dereva anaona kwenye kioo cha stesheni namba ambazo hazitofautiani sana na zile za pirizi nzuri ya AC. Anayekaa kwenye stesheni ya DC akingoja asilimia 100 analipa muda, na anafungia njia yule aliye nyuma yake.

Joto nalo linaingia katika hayo mazungumzo. Leaf haina maji ya kupooza batri. Inategemea hewa tu. Ikipanda milima kwa nguvu, kisha ikachajiwa DC, kisha ikapanda tena na kuchajiwa tena siku ileile, batri inapata moto na kompyuta inapunguza ampea hata kama batri iko nusu. Madereva wa Leaf ya kilowati-saa 40 walilalamika sana juu ya hilo ilipotoka. Kwa upande huu Bukavu iko na bahati: hewa ya mji uliokaa juu ya mita 1400 haichomi, na batri zinapumzika usiku. Leaf iliyoishi Bukavu na ile iliyoishi kwenye joto la pwani hazizeeki namna moja.

Kwa hiyo zile gari mpya zinazochaji kwa dakika 18 zinafanyaje? Wamebadilisha volti. Joto ndani ya kablo linakua haraka kuliko ampea: ukizidisha ampea mara mbili, joto linazidi mara nne. Kuna mwisho wa unene wa kablo ambayo mama ao baba anaweza kuinua kwa mkono, hata ikiwa na maji ya kupooza ndani yake. Ukishika ampea 500, gari ya volti 400 inapata kilowati 200. Gari ya volti 800, kama Porsche Taycan ao Hyundai Ioniq 5, inaweza kupata kilowati zilezile kwa ampea nusu. Ioniq 5 inapanda kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18, lakini ni kwenye stesheni ya kilowati 350 tu. Ipeleke kwenye stesheni ya kilowati 50, itakuwa na mwendo wa wengine wote.

Na kuna kizuizi kingine, kijinga kidogo, ambacho kimewafanya watu walie baada ya kulipa: umbo la tundu. Leaf inatumia tundu la DC linaloitwa CHAdeMO, la Japani. Gari za Ulaya zinatumia CCS. Gari zilizotengenezwa kwa soko la China zinakuja na GB/T, hata zile zenye jina la kampuni ya Ulaya kwenye pua. Haziingiliani, na si umbo tu: lugha ambayo gari inatumia kuongea na stesheni ni tofauti pia, kwa hiyo hata fundi mwenye lime hawezi kuiingiza. Adapta ziko, lakini ya DC ni ya gharama na si kila moja inafanya kazi na kila gari. Kwa AC adapta ni rahisi, maana kule mazungumzo ni machache.

Basi kwa nini mji usilete tu makabati makubwa ya DC? Hapo hesabu inatoka kwenye gari na kwenda mtoni. Kabati moja la kilowati 50, ukiongeza linachopoteza, linavuta karibu ampea 80 kwenye kila fazi kati ya tatu. Ni sawa na nyumba 24 zinazochaji gari zao kwa pirizi wakati mmoja. Kwenye transfoma ya kartie ya kilovolti-ampea 160, gari moja tu imechukua theluthi nzima, kwa dakika 30, saa ambayo watu wanapika.

Kisha panda juu zaidi. Umeme wa Bukavu unatoka Ruzizi, mto unaotoa maji ya ziwa Kivu. Ruzizi ya kwanza, iliyoanza kazi mwaka 1958, iko na uwezo wa megawati 29,8. Ruzizi ya pili, ya mwaka 1989, iko na 43,8, lakini inagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi kupitia SINELAC. Chukua yale makabati ya kilowati 350, yale ya dakika 18. Ukiweka 85 na yote yakafanya kazi kwa nguvu yake yote kwa wakati mmoja, yamemeza Ruzizi ya kwanza yote, na mji umebaki gizani.

Kwa gari ile ile kuchaji kilowati-saa 20 usiku, mto hausikii sana. Ni haraka ndiyo inaumiza, si kiasi. Kilowati-saa 20 kwa masaa kumi ni kilowati 2. Kwa nusu saa ni kilowati 40. Maji yaliyopita kwenye turbini ni yaleyale, lakini transfoma, waya na nguzo vinabidi viwe na unene mara ishirini kwa ajili ya ile nusu saa.

Sahani za jua za nyumbani zinaingia wapi? Batri moja ya volti 12 na ampea-saa 200, ile ambayo familia nyingi ziko nayo, iko na kilowati-saa 2,4. Kama ni ya asidi, haitakiwi kutumiwa zaidi ya nusu. Inabaki 1,2. Toa kilichopotea kwenye konvertisa inapogeuza kwenda AC, toa tena kilichopotea ndani ya gari inapogeuza kurudi DC, na gari imepata kilomita tano ao sita, na nyumba imebaki bila taa. Sahani zinaweza kuchaji gari, lakini ziwe nyingi na gari iwe imesimama nyumbani mchana, siyo usiku kupitia batri ya televizyo.

Mahali pengine ambapo waya ni dhaifu wameanza kutumia njia ya katikati: stesheni ya DC yenye batri yake kubwa ndani. Inavuta polepole kwenye mtandao mchana na usiku, kilowati 10 ao 20, inaweka akiba, na gari ikija inaimwagia kwa kilowati 50 kutoka kwenye hiyo akiba. Transfoma ya kartie haioni ile haraka. Ikija gari ya nne ao ya tano mfululizo, akiba imekwisha, na hapo stesheni inarudi kwenye mwendo wa waya wake. Kwa pikipiki, Kigali walichagua njia nyingine kabisa: kampuni ya Ampersand inabadilisha batri iliyoisha kwa iliyojaa, motari anaondoka kwa dakika chache, na batri aliyoiacha inachajiwa nyuma bila haraka. Batri ya pikipiki inabebeka kwa mikono. Ya Leaf iko na uzito wa karibu kilo 300, chini ya sakafu ya gari.

Anayefikiria kununua gari ya mitumba anaweza kupima mambo mawili kwenye parkingi ya muuzaji bila chombo chochote. La kwanza ni kufungua kifuniko cha kuchajia na kuangalia matundu: Leaf zingine za bei ya chini kabisa ziliuzwa bila tundu la DC, na hizo zitachaji kwa kilowati 3,3 maisha yake yote, hata mji ukijaa stesheni. La pili ni kuwasha gari na kuhesabu vile vibanzi vidogo vya pembeni mwa kipimo cha batri. Ikiwa mpya viko 12. Vikibaki 9, batri imebakiza karibu asilimia 70 ya uwezo wake. Masaa 11 ya hesabu ya juu yanakuwa 8, na kilomita nazo zinapungua vilevile.